Kijitabu cha maswali ya uzazi cha shilingi 450: swali la 37 limenirudishia pesa, lakini lisahihishe kwa kalamu

Nilikinunua kwenye kibanda cha fotokopi pale Kondele, Kisumu, miezi mitatu kabla ya mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi. Kina maswali 120 ya afya ya uzazi, na kila swali lina jibu na maelezo ya sababu. Jina la mwandishi halipo, karatasi ni nyepesi, na kurasa kama kumi hivi wino umefifia hadi uzishike dirishani ndipo usome. Kwa shilingi 450 sikutarajia zaidi. Maswali mengi ni yale yale tuliyozoea kutoka karatasi za miaka iliyopita. Lakini swali la 37 nimelirudia labda mara ishirini, na ndilo nataka kulizungumzia, kwa sababu linafundisha jambo moja vizuri sana na jingine vibaya.

Swali lenyewe, kwa maneno yangu, ni hili. Mama wa miaka 29 amejifungua mtoto wake wa tano kwa njia ya kawaida, dakika 40 zilizopita. Mtoto ana kilo 4.1. Kondo la nyuma lilitoka likiwa zima, na mama alidungwa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli mara tu mtoto alipotoka. Sasa pedi aliyowekewa robo saa iliyopita imelowa yote. Ukimgusa tumbo, mji wa mimba ni laini, uko juu ya kitovu na umeegemea upande wa kulia. Mapigo ya moyo ni 112 kwa dakika, presha ni 108 kwa 70. Muuguzi afanye nini kwanza?

A. Ampigie daktari simu na amsubiri.
B. Apime presha tena baada ya dakika 15.
C. Akande mji wa mimba huku akiita msaada.
D. Amwekee katheta atoe mkojo.

Mara ya kwanza nilichagua D bila kusita. Tulifundishwa kwamba mji wa mimba ukiegemea kulia, kibofu kimejaa. Hilo ni kweli, na mtunzi wa swali anajua kwamba unalijua, ndiyo maana akakutegea. Jibu ni C, na hapa ndipo kijitabu kinastahili sifa. Hakikusema tu "C ni sahihi" kama vingine nilivyowahi kununua. Kinaeleza kwamba kondo likishabanduka, huacha midomo ya mishipa ya damu iko wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba inayojibana kuizunguka. Misuli ikilegea, mishipa inamwaga. Kibofu kilichojaa ni chanzo cha huo ulegevu, lakini kutafuta katheta, kunawa, kuvaa glavu na kuiingiza kunakula dakika kadhaa, na mkono wako uko hapo tayari. Kanda, mji ukaze, kisha kibofu kitolewe mkojo mara moja, la sivyo utalegea tena ukiondoa mkono.

Maelezo ya namna ya kukanda pia ni mazuri kuliko ya daftari langu. Mkono mmoja unakaa juu tu ya mfupa wa kinena kuushikilia mji wa mimba kwa chini, na mwingine unazungusha kwa juu mpaka usikie umekuwa mgumu kama balungi bichi. Mabonge ya damu yanasukumwa nje baada ya mji kukaza. Ukibonyeza kwa nguvu mji ungali laini na bila kuushikilia chini, unaweza kuugeuza nje-ndani, na hapo umeleta janga jipya juu ya lile la kwanza.

Chaguo B ndilo lililowapoteza wenzangu wawili tulipojipima pamoja. "Presha si ni 108? Iko sawa," wakasema. Kijitabu kinalijibu kwa mistari miwili tu, na mimi ningelipa ukurasa mzima. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi mwili ukiishikilia presha isishuke. Moyo hukimbia kwanza. Chukua mapigo, gawanya kwa presha ya juu: 112 kwa 108 ni kama 1.04. Ikizidi 0.9, shtuka. Ukisubiri presha ianguke ndipo uamini kuna shida, umechelewa. Na A? Kuita msaada ni lazima, lakini kuita na kusubiri ni vitu viwili. Unaita ukiwa umeshika tumbo.

Sasa kasoro. Baada ya kueleza C vizuri hivyo, kijitabu kinaendelea hivi: kanda, ikishindikana, ongeza oksitosini, ikishindikana, fikiria traneksamiki, ikishindikana, mpe rufaa. Ngazi, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua inangoja iliyotangulia ishindwe. Kama ningekisoma kabla ya mafunzo yangu ya wodini, ningeimeza hiyo ngazi nzima.

Bahati nzuri nilikuwa nimeshaona usiku mmoja katika leba ya hospitali ndogo huku magharibi. Mama alikuwa amejifungua mapacha. Mimi nilitazama shuka nikasema kwa kujiamini, "Sista, kama mililita 300." Sista wa zamu hakunijibu. Alikuwa tayari amekanda, ameita mwenzake kwa jina, na ananiamuru nishike tumbo mahali pake. "Mkono wako usitoke hapo mpaka nikwambie, umesikia?" Mwenzake akaweka dripu, oksitosini yuniti 10 ikaingia taratibu ndani ya maji ya mshipani kwa muda wa dakika 10, na traneksamiki gramu 1 ikafuata kwa mwendo huo huo. Katheta ikaingia. Sista akakagua kondo upya kama kuna kipande kilichobaki, kisha akaangalia njia ya uzazi kama kuna mchaniko. Sikuwahi kusikia neno "ikishindikana". Yote yalifanyika ndani ya kama robo saa, na damu ikapungua mikononi mwetu.

Baadaye akaniambia nipime zile pedi na kanga kwenye mizani. Zilikuwa gramu 870. Zikiwa kavu zingekuwa na gramu 260. Gramu moja ya damu ni karibu mililita moja, kwa hiyo mama alikuwa amepoteza kama mililita 610. Mimi nilisema 300. Tangu siku hiyo siamini macho yangu, na sielewi kwa nini kijitabu kinamwambia msomaji "kadiria" bila kumwonya kwamba kukadiria kwa macho karibu kila mara kunapunguza.

Hicho alichofanya Sista hakukibuni. Utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yake yakatoka 2023, ulijaribu mambo mawili pamoja: kupima damu kwa karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za mililita inayowekwa chini ya mama, na kutoa matibabu yote ya kwanza kwa mkupuo badala ya ngazi. Kukanda, dawa ya kukaza mji wa mimba, traneksamiki, maji ya mshipani, kisha uchunguzi wa chanzo na kuita wakubwa. Kuvuja damu kukali, upasuaji wa kuzuia damu na vifo vya kuvuja damu, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Kwa hiyo neno "kwanza" kwenye swali ni la mtihani: linauliza mkono wako unaanzia wapi. Halisemi vingine visubiri.

Traneksamiki ndiyo inayoumia zaidi kwenye hiyo ngazi ya kijitabu. Kazi yake ni kulinda bonge la damu lisiyeyuke, na inafaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue. Ukiiweka mwishoni mwa foleni, katika kituo ambacho gari la rufaa linachukua saa nzima kufika, unaweza kukuta saa 3 zimeshapita. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, dozi ya pili ya gramu 1 inaruhusiwa.

Kuna jambo jingine lililopitwa na wakati. Kijitabu kinasema kuvuja damu baada ya kujifungua ni mililita 500 au zaidi, basi. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, walitoa mwongozo unaosema usingoje 500 kama mama tayari ana mililita 300 na mapigo au presha yake imebadilika. Kwenye mtihani nitaangalia swali linauliza nini. Kama ni maana ya kitabuni, nitajibu 500. Wodini nitaanza kwenye 300 nikiona mapigo yanakimbia.

Nisiwe mchoyo, swali la 38 ni zuri na halina kosa. Ni mama mwingine, mji wa mimba mgumu kabisa, uko katikati, lakini damu nyekundu angavu inachirizika bila kukoma. Hapo kukanda hakusaidii kitu, mji umeshafanya kazi yake. Tafuta mchaniko wa mlango wa kizazi au wa uke, bana kwa shashi, mwite wa kushona. Ukisoma 37 na 38 kwa mfululizo unaelewa kwa nini kidole kinagusa tumbo kabla ya kitu kingine chochote: laini au gumu, ndipo njia zinagawanyika.

Kwa hiyo je, ninunue? Kwa shilingi 450, ndiyo, lakini si kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajaingia leba, maana hatajua pa kubishana nacho. Mimi kwenye nakala yangu nimekata kila "ikishindikana" ya swali la 37 kwa kalamu nyekundu, na pembeni nikaandika 870 toa 260. Nilimrudia muuza fotokopi kumwambia kuna makosa. Akasema yeye anachapa tu, alipewa kwenye flashi na kijana fulani wa chuo, na kama nataka nimpe langu lililosahihishwa achape hilo. Bado nafikiria, maana ataliuza kwa 500.