Kipimo cha Kalifonia na kikombe cha kuchovyea chuchu: kipi ununue kwanza?

Haya wafugaji, karibuni tena. Leo mezani nina vitu vitatu. Cha kwanza ni kibao cha plastiki chenye vikombe vinne na chupa yake ya dawa ya zambarau, hicho ndicho kipimo cha Kalifonia cha kugundua ugonjwa wa kiwele. Kwenye boksi kimeandikwa CMT. Cha pili ni kikombe cha kuchovyea chuchu, kile cha kubinya ambacho dawa hairudi chini. Cha tatu ni kikombe cha kawaida cha kuchovyea. Nimeulizwa sana, mwenye ng'ombe wachache na mfuko mwembamba aanze na kipi? Nitawaambia, lakini kwanza tuvitumie mbele yenu, kwa sababu ukisoma maelezo ya boksi peke yake utadhani vyote ni vya lazima sawasawa.

Twende kwenye kibao. Huu ugonjwa wa kiwele unaowatia watu hasara si ule wa kiwele kuvimba, kikawa moto, maziwa yakatoka na mabonge. Huo unauona mwenyewe na unamwita daktari wa mifugo. Unaokula taratibu ni ule uliojificha: maziwa ni meupe, kiwele ni laini, ng'ombe anakula vizuri, ila robo moja ya kiwele inatoa pungufu kila siku na inawaambukiza wenzake. Ndani ya ile robo kuna chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana na vijidudu. Hazionekani kwa macho, na dawa hii ya zambarau kazi yake ni kuzifanya zionekane.

Sasa kuna mtu atasema, "Mimi nitapima maziwa ya kwenye ndoo, nimalize kazi." Sikiliza hesabu hii. Chukua ng'ombe watano wanaotoa maziwa sawa. Robo zote zina chembe 100,000 kwa mililita, hiyo ni hali nzuri, isipokuwa robo moja tu ya ng'ombe mmoja yenye 2,000,000. Ukichanganya robo nne za huyo ng'ombe unapata 575,000. Ukichanganya na maziwa ya wale wanne wazima, ndoo nzima inasoma 195,000. Kipimo hiki kinaanza kuonyesha kitu kwenye 200,000 hivi. Kwa hiyo ndoo itakuambia uko salama, na ugonjwa uko zizini. Ndiyo maana kibao kina vikombe vinne: kila chuchu na kikombe chake.

Haya, huyu hapa ni Tausi. Chuchu zimeshasafishwa na kukaushwa. Nakamua kwanza mikamuo mitatu kutoka kila chuchu nje ya kibao, halafu nakamua mara moja au mbili kwenye kila kikombe. Mpini nauelekeza mkiani, kila ng'ombe vivyo hivyo, nisije nikachanganya kushoto na kulia. Angalieni hapa: nainamisha kibao karibu kisimame wima, maziwa ya ziada yanamwagika, yanabaki mililita 2 au 3 kila kikombe, kama nusu ya kijiko kidogo. Wengi hii hatua wanairuka. Maziwa yakiwa mengi kuliko dawa, jibu linafifia. Sasa naweka dawa kiasi kilekile, na nazungusha kibao polepole, mduara, bila kutikisa.

Ona vikombe vitatu: mchanganyiko unateleza kama maji, hakuna kitu. Sasa tazama cha nyuma kushoto. Unaona? Umeanza kuwa mzito, na nikizungusha unajikusanya katikati kama uji unaoganda. Nikiinamisha kibao, unashuka kwa mkupuo mmoja badala ya kutiririka. Hiyo tunaiita daraja la 2. Ingekuwa 3 ingetuna katikati na kung'ang'ania sakafu ya kikombe. Daraja la 1 huwa mzito kidogo tu bila kuganda. Chini ya hapo kuna kile kijiutando kinachotokea kisha kikapotea ukiendelea kuzungusha. Hicho andika "dalili" na umrudie ng'ombe huyo baadaye.

Soma ndani ya sekunde 10 hadi 20. Ukisimama kuongea na simu, ule uzito unavunjika na jibu linapotea. Kinachotokea ni kwamba ndani ya dawa kuna sabuni kali inayopasua zile chembe, vitu vya ndani vikamwagika na kushikana. Rangi ni msaada tu: zambarau ikikolea, maziwa yamepoteza uchachu wake wa kawaida. Mimi naamini uzito kuliko rangi.

Na sabuni ya kawaida ya unga je? Kwa dharura inaweza kuonyesha uzito, maana kazi ni ileile. Lakini nguvu ya sabuni inatofautiana kutoka pakiti hadi pakiti, kwa hiyo daraja la 1 la leo hutaweza kulilinganisha na la mwezi ujao. Dawa ya kipimo haina shida hiyo, ilimradi uangalie tarehe ya mwisho na kama ni ile nzito ya kuchanganya na maji, uichanganye kama lebo inavyosema.

Mipaka yake muijue. Ng'ombe aliyezaa siku chache zilizopita atasoma juu hata akiwa mzima, na anayekaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, vilevile, ila kwa hao robo zote nne hupanda pamoja. Robo moja ikijitenga na wenzake, hapo ndipo pa kushuku. La pili, kipimo hakikutajii kijidudu. Na hapa ndipo watu wanapoharibu: wakiona daraja la 2 wanakimbilia kununua sindano ya kuingiza kwenye chuchu.

Kwa Tausi tumefanya hivi. Kwanza, kuanzia leo anakamuliwa wa mwisho kabisa, hata kama yeye ndiye amezoea kuingia wa kwanza na atalalamika. Pili, kabla ya dawa yoyote tunachukua maziwa ya ile robo kwa ajili ya maabara: ncha ya chuchu inafutwa na pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke safi, mikamuo ya kwanza inamwagwa, chupa iliyotakaswa inashikwa ikiwa imelala ili uchafu usidondokee ndani, kisha inakwenda kwenye ubaridi. Kwa nini tusubiri? Kwa sababu kijidudu kiitwacho Streptokokasi agalaktie kwa kawaida kinasikia dawa vizuri hata ng'ombe akiwa anakamuliwa, lakini Stafilokokasi aureus kinajichimbia ndani ya nyama ya kiwele na mara nyingi unamwaga maziwa siku nyingi za kungoja dawa iishe mwilini, halafu ugonjwa uko palepale. Huyo wa pili pia hatoki kila siku, kwa hiyo jibu la maabara likisema "hakuna" na kibao bado kinaganda, peleka tena. Daktari akishaona jibu ndipo mnaamua: kutibu sasa, kungoja wakati wa kukausha ambapo dawa inakaa muda mrefu ndani, au kumuondoa ng'ombe kama ameshakuwa sugu.

Vijidudu hivi viwili vinahama wakati wa kukamua, kwa mikono na kwa kitambaa. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe watano ndicho gari lao. Kila ng'ombe na kitambaa chake, kikafuliwe na kikauke. Na kama unakamua kwa mkono, baada ya ng'ombe kama Tausi unanawa kwa sabuni.

Tuje kwenye vikombe vya kuchovyea. Baada ya kukamua, tundu la chuchu linabaki wazi kwa nusu saa au zaidi, na juu ya ngozi kuna tone la maziwa lenye vijidudu vya ng'ombe aliyetangulia. Ukichovya chuchu kwenye dawa papo hapo umelisafisha lile tone. Ukienda kwanza kupeleka maziwa halafu urudi, umechelewa.

Kikombe cha kawaida kina tatizo moja na linatosha kukikataa. Nachovya ng'ombe wa kwanza, wa pili, wa tatu... haya tazameni ndani: maziwa, unywele, na kile kitu cha kijani mnakijua. Ayodini iliyomo kwenye dawa ya kuchovyea ikikutana na uchafu inachoka, na ninyi mnaona rangi yake ya kahawia inavyofifia. Ng'ombe wa tano hapo anachovywa kwenye supu. Hiki cha kubinya dawa safi inakaa chupani, unabinya inapanda kikombeni, na iliyotumika hairudi chini. Ikichafuka unamwaga ile ya juu tu. Kasoro yake ni kwamba kale kamrija ka ndani kanaziba usipokisuuza kila siku, na watu hukitupa wakidhani kimekufa.

Dawa yenyewe chukua iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu, ayodini ya asilimia 0.5 hadi 1 yenye gliserini ya kulainisha ngozi. Ile ayodini ya vidonda yenye spiriti usiithubutu. Chuchu inapasuka, na kwenye ufa ndipo Stafilokokasi anapojenga. Chupa ya kupuliza? Inawezekana, ila inatumia dawa zaidi na upande wa nyuma wa chuchu hubaki mkavu. Jaribu hivi: ukishamaliza, funga karatasi laini kuzunguka chuchu kisha uifungue. Ukiona alama ya kahawia imezunguka yote, vizuri. Ona hii ya kupuliza: mbele tu. Na hii ya kuchovya: mzunguko kamili.

Ukimaliza, weka chakula mbele yao wasimame, wasilale kwenye samadi huku tundu liko wazi. Kama ndama ananyonya baada ya kukamua, mchovye mama baada ya ndama kutoka.

Lakini jueni kuchovya baada ya kukamua hakumzuii sana kijidudu kingine, E. koli, maana huyo anatoka kwenye malazi na anaingia kati ya mkamuo na mkamuo. Huyo dawa yake ni malazi makavu, na kuchovya kabla ya kukamua: iache sekunde 30, kisha futa mpaka ikauke, maziwa yasipate ayodini.

Basi jibu la swali lenu. Ukiweza kununua kimoja tu leo, nunua kikombe cha kubinya na dawa yake, kwa sababu kinafanya kazi kila siku asubuhi na jioni hata usipojua nani mgonjwa. Kibao kifuate mara tu utakapoweza. Kinatumika mara moja kwa mwezi, na wafugaji wawili watatu wanaweza kuchangia kimoja wakikisuuza kabla hakijaingia zizi jingine. Cha kawaida kibaki dukani. Na kile kikombe chenye kitambaa cheusi cha kukagulia mikamuo ya kwanza sijakiweka mezani kwa makusudi: bakuli lolote jeusi linaonyesha mabonge vilevile, mradi usiikamulie mikamuo hiyo sakafuni.