Kununua nyama nyekundu buchani: ipi uichukue kwanza, ipi uiache

Mnunuzi akifika buchani, kitu cha kwanza anachokitazama ni rangi, na rangi ndiyo inayodanganya kuliko dalili zote. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa sasa hivi haiwi nyekundu. Ndani yake ni zambarau iliyoiva, na huchukua kama nusu saa ya kupigwa na hewa ndipo iwe ile nyekundu ya kung'aa. Ikikaa zaidi huelekea kahawia, hata pale ambapo bado inafaa kuliwa. Kwa hiyo nyekundu haithibitishi kwamba nyama ni ya leo, wala ukahawia kidogo hauthibitishi kwamba imeoza. Harufu na mguso ndivyo vya kuaminiwa. Ila usalama wako unategemea pia nyama imekatwa kwa namna gani hadi inakufikia, na hapo ndipo ninapopanga chaguo zangu.

1. Kipande kinachokatwa mbele yako kutoka kwenye paja au mkono mzima

Hili ndilo chaguo langu la kwanza. Bakteria wanaoharibu nyama hukaa juu, pale ilipoguswa na kisu, mikono na nzi. Paja zima lina eneo dogo la nje ukilinganisha na uzito wake, na likitundikwa vizuri ngozi yake ya juu hukauka, jambo linalowazuia bakteria kuzaana haraka. Ukimwambia muuzaji aondoe ule mkato wa nje kisha akukatie wa ndani, unapata sehemu ambayo haijashikwa na mtu.

Faida nyingine ni kwamba mhuri wa mkaguzi wa nyama huonekana kwenye paja zima. Kwenye vipande vilivyokwisha kukatwa huwezi kujua kama ng'ombe huyo alikaguliwa au la.

Kipande kikishakatwa, kibonyeze kwa kidole. Nyama nzuri hurudi palepale, na ile iliyochoka hubaki na shimo. Pitisha kidole juu yake: unyevunyevu si tatizo, lakini ukihisi utelezi, au ute unaovutika kati ya vidole viwili, mrudishie. Halafu nusa karibu na mfupa. Paja kubwa ambalo halikupozwa upesi baada ya kuchinjwa linaweza kuanza kuvunda kwa ndani, kwenye kiungo cha nyonga, huku nje bado likinukia vizuri. Wauzaji wengi hawapendi mteja anuse. Mimi hunusa tu.

Mafuta ya manjano yasikutishe. Mara nyingi ni ya ng'ombe aliyelishwa majani. Kinachotakiwa kukupa shaka ni mafuta ya kijivu, au yenye harufu ya mafuta ya kupikia yaliyokaa sana. Shaka nyingine ni nyama nyeusi, ngumu, kavu na inayonata kwenye kisu hata ikiwa imekatwa sasa hivi. Hiyo kwa kawaida ni ya mnyama aliyechinjwa akiwa amechoka au ameteseka njiani. Huwa haina ile asidi ya kawaida ya nyama, kwa hiyo huharibika mapema. Ukiichukua, ipikwe siku hiyohiyo.

2. Nyama ya friji au iliyofungwa

Friji ikiwa inafanya kazi kweli, yaani nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo, nyama hii inakaribia kuwa sawa na ya kwanza. Gusa kifurushi: kiwe cha baridi hasa, siyo cha ubaridi wa kivulini. Nyama iliyofungwa bila hewa huwa na rangi ya zambarau na harufu kidogo ya uchachu unapoifungua. Iache wazi dakika kumi au ishirini, na harufu hiyo ikiwa ni ya kifungashio tu itaondoka. Isipoondoka, usile. Pakiti iliyovimba usiichukue kabisa. Kwa nyama ya friza, tazama kama chini kuna barafu nyekundu iliyoganda kwa wingi: hiyo iliwahi kuyeyuka, kisha ikagandishwa tena.

3. Vipande vilivyokatwa na kurundikwa mezani

Hapa kila upande wa kila kipande umeguswa. Muuzaji pia anaweza kuvinyunyizia maji ili ving'ae, na maji hayohayo ndiyo yanayowapa bakteria nafasi. Kama huna budi, omba vya chini ya rundo uvione, kwa maana vya juu ndivyo vilivyopangwa kwa ajili ya macho yako.

4. Nyama ya kusaga iliyokwisha kusagwa

Naiweka mwisho kabisa. Mashine huichanganya nyama ya nje na ya ndani, kwa hiyo kilichokuwa juu ya kipande sasa kiko kila mahali, na ndiyo sababu hupaswa kuiva hadi ndani, nyuzi 71. Ndani ya mashine nako hubaki nyama ya wateja waliotangulia, na wateja wa kwanza wa siku huenda ndio wanaotolewa mabaki ya jana.

Kuna kipimo kimoja kizuri. Pasua rundo la nyama ya kusaga katikati. Ya asili huwa nyekundu juu na nyeusi au kahawia ndani, kwa sababu hewa haikufika. Ikiwa ni nyekundu ileile, ya kung'aa, kutoka juu hadi katikati, na imekaa pale tangu asubuhi, kuna uwezekano imewekwa dawa ya salfaiti inayoshikilia wekundu. Dawa hiyo huficha kuchoka kwa nyama, na kwa baadhi ya watu wenye pumu ni hatari.

Chukulia unataka kilo moja ya kusaga saa kumi jioni. Mwambie muuzaji akukatie kilo ya paja, uinuse na kuibonyeza kama nilivyoeleza, kisha muombe aisafishe mashine kabla ya kuisaga. Akisema imesafishwa, tazama mdomo wa mashine kwa ndani. Ukiona nyuzinyuzi zilizokauka, chukua kipande hicho, ukikatekate nyumbani kwa kisu.

Bucha yenyewe

Kabla hujaagiza chochote, simama pembeni dakika moja umtazame muuzaji akimhudumia mtu mwingine. Mimi huanza na kitambaa. Kile kinachofuta kisu, meza, mizani na mikono kwa zamu ndicho kichafu kuliko kitu chochote pale, na bucha yenye kitambaa cha namna hiyo siiingii hata kama nyama yake inavutia. Kinachofuata ni pesa: anayepokea noti na kurudi kukata bila kunawa ameiweka noti hiyo kwenye nyama yako. Tazama pia gogo. Nyufa zilizojaa damu nyeusi hazisafishwi kwa kupangusa. Gogo linatakiwa likwanguliwe kila siku. Maini na utumbo viwe na meza na kisu vyao, visichuruzike juu ya nyama.

Nzi wengi ni tatizo, hilo linajulikana. Ila nyama iliyo wazi kwenye joto, isiyotua nzi hata mmoja wakati wamejaa mtaa mzima, nayo naiepuka, maana siwezi kujua imepulizwa nini.

Nyama inunuliwe mwisho kabisa wa manunuzi yako. Nje ya friji haitakiwi kuzidi muda wa saa 2, na joto likipita nyuzi 32, isizidi muda wa saa 1. Nyumbani, maini na nyama ya kusaga vipikwe ndani ya siku 1 au 2. Steki inaweza kungoja siku 3 hadi 5.