Pasi ya kununua kwa nywele nzito za mawimbi

Dukani mimi huangalia namba kwanza. Pasi isiyoonyesha nyuzi za joto siinunui, hata iwe nzuri vipi. Nywele nzito za mawimbi zina nafasi finyu: chini ya nyuzi 160 za selsiasi utazipitia mara nne, tano, bila kunyooka, zikikaribia 220, protini ya unywele wenyewe huharibika, na haiponi. Mimi sivuki 190.

Ya kwanza kwangu ni yenye bamba za kauri nzima, upana wa sentimita 2.5 hivi, kwa sababu joto lake husambaa sawasawa. Ya pili ni ya titani. Hupata moto upesi na kuupitisha upesi, kwa hiyo inataka mkono usiosita, anzia 160. Ya tatu ni bamba za chuma zilizopakwa kauri. Ni ya bei nafuu na inafaa ikiwa ina namba, ila siku utakapoona imechubuka, iache, maana hapo hukwaruza nywele. Ya mwisho ni ile ya swichi ya kuwasha na kuzima tu. Huwezi kujua iko 180 au 230. Usiinunue.

Ukiletewa pasi kutoka Marekani, soma kibandiko chake: kama kimeandikwa 120V tu, si 100-240V, umeme wetu utaiunguza. Na namba kama 350 ni za farenhaiti, yaani nyuzi 177 hivi.

Juzi nilimnyoosha mpwa wangu hapa Mombasa, nywele zake zinafika mabegani. Nilipaka kinga ya joto zikiwa na unyevu, nikazikausha kabisa. Maji yakibaki ndani ya unywele hugeuka mvuke na kuupasua kwa mapovu. Ukisikia pasi inachachatika, simama, kausha tena. Nilianza na kishungi cha kisogoni, chembamba kiasi cha mwanga kupenya, kwa 170. Mara mbili, na wimbi bado liko karibu na shina. Nikapandisha 180, kitana kikitangulia mbele ya pasi, nikateremka polepole kwa sekunde sita bila kusimama. Kikanyooka kwa mara moja. Basi kichwa kizima nikakifanya kwa 180, nacho kilichukua saa nzima.

Kufika jioni mawimbi yalikuwa yameanza kurudi, akataka nipandishe joto. Nikakataa. Huo ni unyevu wa pwani unaoingia kwenye unywele. Hata unywele ungepigwa nyuzi 200, unyevu ungeingia vilevile.

Siku ya kuosha tuliangalia kile kishungi kikiwa kimelowa. Wimbi lilirudi lote, ndiyo dalili kwamba 180 inamfaa. Lingebaki limelala katikati na nchani, ningeshuka nyuzi 10, na sehemu ile iliyolala ingengoja mkasi.