Akaunti tatu, mlio mmoja: uzoefu wangu na mipangilio ya arifa

Usiku mmoja, saa tisa kasoro dakika ishirini, simu ililia kichwani pa kitanda. Nikaruka. Kazi yangu ni kuangalia tovuti za wateja zisizime, kwa hiyo mlio wa saa hizo kwangu una maana moja tu. Nikafungua macho kwa shida na kusoma: viatu vimepunguzwa bei, mwisho kesho. Mke wangu akageukia ukutani. "Baba Zawadi, hiyo simu ama ilale jikoni ama nilale mimi."

Kesho yake nikaizima sauti yote. Ikakaa kimya siku tatu, na siku ya nne tovuti ya mteja ikalala chini tangu usiku wa manane hadi nilipoamka. Barua pepe ya tahadhari ilikuwepo, imekaa kwa adabu katikati ya nyingine thelathini. Hapo ndipo nilipoacha kufikiria suala la kuwasha au kuzima, nikaingia ndani ya mipangilio yenyewe. Natumia Gmail kwenye simu ya Android, na nimekaa na mpangilio ninaoueleza hapa kwa miezi kadhaa sasa.

Kabla ya kugusa kitu nilitaka kujua ni nani hasa anayenisumbua. Kuanzia Android 11 kuna ukurasa unaoitwa Notification history, ndani ya mipangilio ya arifa. Ukiuwasha, unakuonyesha arifa za saa 24 zilizopita, hata zile ulizofuta bila kusoma. Nikauacha siku nzima, jioni nikahesabu: 63. Zilizohitaji nifanye jambo papo hapo zilikuwa 4. Kilichonishangaza si wingi, ni kwamba karibu nusu zilitoka sehemu mbili tu: ile programu ya duka la viatu, na akaunti ya barua pepe ya kamati ambayo mimi ni katibu wake.

Nilianza na akaunti. Nina tatu ndani ya programu moja: ya kazi, ya binafsi, na ya kamati. Watu wengi hudhani Gmail ina swichi moja ya arifa, lakini ukiingia Settings kila akaunti ina ukurasa wake, na kila ukurasa una chaguo la Notifications lenye ngazi tatu: All, High priority only na None. Kamati nikaipa None bila kusita. Mihtasari ya vikao haijawahi kuharibika kwa kusubiri jioni. Ya binafsi nikaipa High priority only. Hiyo hutegemea alama ya umuhimu ambayo Gmail huiweka yenyewe, ule mshale wa njano pembeni mwa ujumbe, na ni makisio: mwanzoni baadhi ya barua za watu wangu zilipita kimya. Ukiwa kwenye kompyuta unaweza kuugusa mshale na kuionyesha Gmail kwamba hii ni muhimu au siyo, na baada ya muda makisio hukaa sawa. Sawa ya kutosha, si kamili.

Ya kazi ndiyo iliyonila muda. Siwezi kuipa None kwa sababu tahadhari huingilia humo, na siwezi kuiacha ilie kwa kila barua kwa sababu humo humo huingia ankara, mialiko ya mikutano na "nimeona, asante" kumi kwa siku. Dawa yake ni lebo. Huduma inayofuatilia tovuti hutuma kutoka anwani moja, na kichwa cha ujumbe huanza na neno lile lile. Kwa hiyo nikatengeneza kichujio. Hiki hutengenezwa kwenye Gmail ya kivinjari, ndani ya simu hutakipata, usipoteze nusu saa kukitafuta kama mimi. Niliandika hivi kwenye kisanduku cha kutafuta, nikaweka anwani halisi badala ya hii ya mfano:

```
from:(alarm@example.com) subject:(ALARM)
```

Kisha nikachagua kuunda kichujio, nikakiambia kibandike lebo ya Dharura, na kisipitishe ujumbe kwenye kikasha, yaani Skip the Inbox.

Nikarudi kwenye simu, akaunti ya kazi, Manage labels. Hapo kila lebo ina mipangilio yake, na kikasha chenyewe kinahesabiwa kuwa lebo. Kwenye Inbox nikazima Label notifications. Kwenye Dharura nikaiwasha. Matokeo yake ni kwamba akaunti ya kazi haina tena ruhusa ya kulia kwa jambo lolote isipokuwa hilo moja.

Nikajitumia ujumbe wa majaribio kutoka akaunti yangu ya binafsi. Kimya. Bila shaka, kichujio kinatafuta anwani ya huduma, si yangu. Nikaingia kwenye huduma yenyewe nikabonyeza kitufe cha kutuma tahadhari ya majaribio. Bado kimya. Ilinichukua muda kuona kosa langu: kwenye Dharura, mstari wa Sync messages ulikuwa None. Lebo mpya ambayo simu haiilandanishi haina cha kukuarifu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakiambia kichujio kiruke kikasha, tahadhari ilikuwa inaingia mahali ambapo hakuna mlango wala dirisha. Nikachagua siku 30, nikabonyeza tena, simu ikalia. Kama utafanya mpangilio huu, landanisha lebo kwanza, ndipo uruhusu kichujio kiruke kikasha. Ukigeuza mpangilio huo, utakuwa na kimya kinachofanana kabisa na usalama.

Kosa la pili lilikuja wiki moja baadaye, na ni la hila zaidi. Tovuti mbili zilianguka usiku mmoja, zikipishana kwa dakika kumi na kitu. Ya kwanza ililia, nikaamka, nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta bila kuufungua ujumbe. Ya pili haikulia kabisa. Chini ya Label notifications kuna mstari mwingine mdogo, Notify for every message, na niliuacha umezimwa. Ukiwa umezimwa, ujumbe wa kwanza ndio hulia, na zinazofuata zinaungana nao kimya mpaka uzitazame. Kwa barua za kawaida hiyo ni huruma. Kwa tahadhari ni shimo. Nikauwasha kwa lebo hiyo peke yake.

Sasa duka la viatu. Sikutaka kulizima lote kwa sababu nikinunua kitu nataka kujua mzigo umefika wapi. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, kila programu hutakiwa kuzigawa arifa zake kwa aina, na wewe ndiye unayeamua juu ya kila aina: ilie, ikae kimya, au isionekane. Njia ya mkato ni kuibana kwa kidole arifa inayokuudhi pale pale inapotokea. Simu hukuonyesha ni ya aina gani, na unaizima hiyo tu. Kwenye baadhi ya simu za Samsung za karibuni orodha ya aina hizi imefichwa, na lazima kwanza uende Advanced settings ndani ya arifa uwashe Manage notification categories for each app.

Nikazima "Ofa" nikaacha "Oda zako". Wiki tatu za amani. Halafu programu ikajisasisha, na tangazo jingine likalia. Nilidhani simu imesahau uamuzi wangu, kumbe la. Programu hairuhusiwi kuirudishia sauti aina uliyoinyamazisha, lakini hakuna kinachoizuia kufuta aina hiyo na kuunda nyingine yenye jina jipya, na aina mpya huja ikiwa na sauti iliyochaguliwa na mwenye programu. Dalili yake iko chini kabisa ya ukurasa wa arifa wa programu husika, ambapo simu huandika ni aina ngapi zimefutwa. Ukiikuta namba hiyo inapanda, unajua unashughulika na mtu wa namna gani. Nilipoikuta imefika tatu nikaizima programu yote, na mizigo yangu naifuatilia kwa kuingia mwenyewe.

Kuna ukomo mwingine hapa. Mgawanyo wa aina ni wa mtengenezaji. Akiamua risiti na matangazo vipite mlango mmoja, huna kisu cha kuvitenganisha.

Sehemu ya muda niliifikiria kuwa rahisi, na ndiyo iliyoniaibisha. Usinisumbue, yaani Do Not Disturb, ile hali inayoinyamazisha simu nzima, ina ratiba, unaweka saa ya kuanza na ya kumaliza, kwa siku unazotaka. Nilitaka saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na nikiwa na usingizi nikaingiza 4:00 na 11:00. Mswahili nimehesabu Kiswahili, simu imehesabu kizungu: ikalia usiku kucha, ikanyamaza kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tano asubuhi. Mteja alipiga mara moja, hakupata jibu, akanitumia ujumbe ambao sitaunukuu. Sahihi ni 22:00 na 5:00.

Ndani ya kimya hicho niliacha milango miwili tu. Wa kwanza, kwenye aina ya arifa ya barua za akaunti ya kazi niliwasha Override Do Not Disturb. Kwa kuwa kikasha cha akaunti hiyo kimeshanyamazishwa, kinachopita hapo ni Dharura pekee. Wa pili ni wa wapigaji wanaorudia: mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia. Mama yangu nimemwambia, akikosa mara ya kwanza apige tena papo hapo.

Ninachokikosa ni ratiba ya kila akaunti peke yake. Ningependa ya binafsi inyamaze saa za kazi na ya kazi inyamaze Jumapili, lakini ratiba ya Usinisumbue ni ya simu nzima, na ndani ya Gmail ngazi ya akaunti haina saa. Na barua pepe haikuundwa kuwa king'ora. Simu iliyolala muda mrefu mezani, au iliyo kwenye hali ya kuokoa betri, inaweza kuchelewesha baadhi ya arifa. Kwa wateja wawili ambao dakika kumi ni hasara, huduma ya ufuatiliaji sasa inapiga simu kabisa, tena mara mbili mfululizo, ili ipite kwenye ule mlango wa wanaorudia.

Nilirudia kuhesabu mwezi uliopita, siku ya kawaida: 11, na 5 kati ya hizo zilikuwa na mlio. Dharura nimeipa sauti yake, kengele fupi isiyofanana na nyingine yoyote. Juzi ililia saa tisa usiku. Kabla sijaifikia simu, mke wangu akasema bila kufumbua macho, "Hiyo ya kazi, amka," akavuta shuka.