Asidi iliyobaki: uiue kwa bekingi soda au kwa NaOH?

Praktiko ya taitresheni imeisha, ndoo ina kama lita 2 za HCl ya 0.1 M, sasa unaiuaje kabla ya kumwaga? Wengi wanakimbilia NaOH kwa sababu ipo pale pale mezani, na hesabu ni rahisi, unahitaji gramu 8 tu. Shida ni kwamba haikwambii imefika. Ukizidisha kidogo, tuseme umetia gramu 10, pH inaruka mpaka 12 na kitu, yani umetoa asidi ukaweka kitu kinachounguza ngozi vilevile, afu ndoo imetulia tu kama maji.

Bekingi soda inataka kama gramu 17 kwa ndoo hiyohiyo, lakini yenyewe inaongea: inatoa povu, na ukitia kijiko kingine kisitoe povu hata ukikoroga, ujue asidi imeisha. Ukifika gramu 20 bado pH inabaki kama 8, hakuna noma. Ila usimwage pakti nzima kwa mpigo, povu litafurika, na usifunge chupa, gesi itaipasua (bekingi pauda siyo hii jamani, soma pakti).

Mi nachagua soda, nahakiki kwa litmasi, afu namwaga sinki na maji mengi. NaOH iliyobaki je? Hiyo iwe na ndoo yake, unaiua kwa siki kidogo kidogo mpaka pinki ya fenofthalini ipotee. Taka zenye kopa au ledi zisiguse sinki kabisa, kuua asidi hakuondoi metali, weka chupa yake yenye lebo.