Fundi wa Mashine Pepe Karibu na Soko, Mtwara: Nyota Mbili, na Moja Si Yake

Kijana ambaye ningeweza kumzaa aliniambia mbele ya wateja wake, bila hata shikamoo, "Madam, si una simu? Piga picha kioo cha kompyuta, yaishe." Wateja wakacheka. Maneno hayo ndiyo yaliyonileta hapa kuandika, kwa hiyo msomaji asitarajie maoni ya mtu aliyetulia.

Nafundisha kompyuta jioni, vijana waliomaliza kidato cha nne. Msimu wa korosho uliopita nilitaka kuwaandalia kijitabu cha kuweka Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, hatua kwa hatua, kila hatua na picha yake. Windows ya laptop yangu sikutaka iguswe, humo mna mitihani na alama za watu. Nikampelekea fundi mmoja jirani na soko aniwekee VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya laptop, ili Ubuntu niiweke ndani ya hiyo mashine pepe na nikiivuruga nisiharibu chochote. Kuweka aliweka vizuri, hilo simnyimi. Kabla ya kulipa nilimuuliza jambo moja tu: skrinishoti nitapigaje humo ndani, na zitatokaje nje nizibandike kwenye Word? Akajibu macho yakiwa kwenye simu yake. "Bonyeza Print humohumo, zitakaa kwenye Pictures. Ukimaliza kuweka Ubuntu, utazitoa kwa folda ya pamoja." Jibu fupi, la mtu anayejua kazi. Nikalipa.

Nyumbani Shangani nikaanza usiku, watu wamelala. Nikawasha mashine kwa faili la ISO la Ubuntu, yaani nakala ya diski ya kuwekea, nikapiga kila skrini: kuchagua lugha, kuchagua kibodi, ile ya kugawa diski inayowatisha wanafunzi kila mwaka, ile ya jina na nywila. Kila nikipiga kioo kinamweka, picha inaingia. Mwisho ikaja Restart Now, nikabofya. Ubuntu mpya ikawaka vizuri kabisa. Nikafungua Pictures. Tupu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo fundi aliponiangusha. Ubuntu unayoiona wakati wa kuweka bado haijakaa kwenye diski. Imesomwa kutoka kwenye ISO, na kila kitu kipya unachohifadhi humo kinakaa kwenye RAM ya mashine pepe. Folda ya Pictures ya wakati ule si ile utakayoikuta baadaye, ni ya mtumiaji wa muda ambaye anafutika mashine ikiwaka upya. Njia rahisi ya kumtambua ni kufungua tamino, dirisha la kuandikia amri: ukiona mstari unaanza na `ubuntu@ubuntu`, wakati wewe hujawahi kujiita hivyo, basi uko kwenye mfumo wa muda na chochote usichokitoa kabla ya Restart kimekwenda. Hazirudi hizo, hata ulete fundi kutoka Dar. Na huyu bwana niliyemlipa ndiye aliyesema nizitoe nikishamaliza!

Nikarudi kwake. Nikamweleza taratibu, kwa heshima zote. Hakuniuliza picha zilipigwa wakati gani wala kwenye mfumo upi. Kwanza akaniambia safari nyingine nifungue WhatsApp kwenye kivinjari cha ndani ya Ubuntu, nijitumie picha mwenyewe, kisha nizipakue upande wa Windows. Hiyo ni kutoka Shangani kwenda Ligula kwa kupitia Masasi. Picha iko kwenye laptop ileile, iko kwenye meza ileile, halafu nichome bando iende mitambo ya ng'ambo ikarudi! Tena ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana, na maandishi madogo ya menyu yanakuwa ukungu. Itabidi uitume kama hati ndipo ibaki ilivyo. Nilipomwambia hivyo ndipo aliponitolea lile la simu. Picha ya simu! Mistari ya kioo inachezacheza, taa ya dari inawaka katikati ya picha, na pembeni kidole changu. Hiyo ndiyo niwape wanafunzi?

Ningeondoka na hasira zangu, lakini alikuwepo binti mmoja, nadhani yuko pale kujifunza kazi. Alinisogelea, akanipa shikamoo yake vizuri, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usipigie ndani. Pigia nje." Akaiwasha mashine yangu, akashika Ctrl ya kulia, akabonyeza E. Likatokea dirisha la Windows, si la Ubuntu, linauliza picha ihifadhiwe wapi. Jina limeshaandikwa, linaanza na VirtualBox, jina la mashine, tarehe na saa. Akachagua Desktop. Picha ikatua pale, PNG safi. Hakuna cha kuhamisha kwa sababu haikuwahi kuwa ndani.

Hapo nikakasirika upya. Kitu chenyewe kiko kwenye menyu, View, halafu Take Screenshot, na yule kijana kakaa nacho bila kunitajia.

Nimekaa na njia hii ya binti muda wa kutosha kuisemea. VirtualBox inachukua kile ambacho mgeni, yaani Ubuntu, anakichora kwenye kioo chake, hivyo haijali kama mgeni ameshawekwa, anawekwa, au mashine ndiyo kwanza imewashwa na yeye hajapanda. Skrini za mwanzo kabisa, kabla Ubuntu haijapanda, Print ya ndani haiwezi kuzipata kwa namna yoyote, maana programu ya kupiga picha yenyewe bado haipo. Ctrl ya kulia na E inazipata. Pia ukubwa wa picha unafuata kioo cha mgeni. Ukilitanua dirisha la mashine pepe hadi maandishi yanavimba, halafu ukapiga kwa kifaa cha Windows, unapata ule uvimbe. Ukipiga kwa VirtualBox unapata nukta halisi.

Ina ubovu wake. Inachukua kioo kizima tu. Huwezi kuchagua dirisha moja au kona moja, kwa hiyo kukata utakata mwenyewe upande wa Windows, na kwa kijitabu chenye picha nyingi hiyo ni kazi ya kuchosha macho. Halafu laptop nyingine hazina Ctrl ya kulia. Mwalimu mwenzangu wa Mikindani ya kwake haina, yeye hupitia menyu ya View. Na lile dirisha la kuuliza jina kila mara linakera. Binti alinionyesha dawa yake, amri ya kuandika kwenye tamino ya Windows, jina unalichagua mwenyewe:

```
cd "C:\Program Files\Oracle\VirtualBox"
.\VBoxManage controlvm "Ubuntu" screenshotpng C:\picha\hatua-01.png
```

Hilo `Ubuntu` ni jina la mashine kama lilivyo kwenye orodha ya VirtualBox, na folda ya `picha` iwepo tayari. Mashine lazima iwe inawaka. Mimi hubonyeza mshale wa juu, nabadilisha namba, Enter, naendelea na hatua inayofuata. Kijitabu kizima nimekirudia hivyo, na picha zimejipanga kwa namba zenyewe.

Baadaye kidogo nikahitaji ile folda ya pamoja, inayoonekana Windows na Ubuntu kwa wakati mmoja, maana sehemu ya pili ya kijitabu inafundisha matumizi, na huko nataka dirisha moja moja, jambo ambalo Alt na Print ya ndani inalifanya vizuri. Kwa kweli fundi aliitengeneza. Kwenye Shared Folders aliweka `picha`, akatia alama ya Auto-mount. Ndani ya Ubuntu ikaonekana kama `/media/sf_picha`. Nikaifungua, nikaambiwa sina ruhusa. Ameniwekea mlango akaondoka na ufunguo! Folda hiyo mwenyewe wake ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na kikundi cha `vboxsf`, na mtu asiye kwenye kikundi hata kuchungulia hawezi. Tiba ni mstari mmoja ndani ya Ubuntu:

```
sudo usermod -aG vboxsf $USER
```

Halafu uwashe mashine pepe upya. Kufunga tamino na kuifungua tena hakusaidii, kwa sababu kikundi kinasomwa unapoingia. Ukitaka uhakika andika `groups`. Ukiiona `vboxsf` kwenye orodha, folda itafunguka. Yangu ilifunguka, na sasa nikiburuta picha kutoka Pictures kwenda `sf_picha`, upande wa Windows inaonekana hapohapo. Hili nalo alinieleza binti, kwa simu, wala hakunitoza.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika nilikusudia kumpa fundi nyota moja. Halafu nikafikiria: mashine aliyoniwekea haijawahi kukwama, hata umeme ulipokatika katikati ya kazi ilirudi salama. Folda ya pamoja kaiweka, hata kama kaiacha nusu. Bei yake kwa Mtwara si mbaya, nimesikia wengine wanatoza zaidi. Watu wa kazi hii hapa mjini ni wachache, na labda siku ile alikuwa amechoka. Nikasema haya, nyota tatu, yaishe kama alivyosema mwenyewe.

Lakini nimeitazama risiti tena sasa hivi, ninapoandika. Kuna mstari unaosema "programu ya Guest Additions, elfu kumi na tano." Nakumbuka aliileta kwenye flashi, akaishika kama dawa ya duka la mbali. Ndugu zangu, kitu hicho kinakuja pamoja na VirtualBox yenyewe. Kiko kwenye menyu ya Devices, mstari wa Insert Guest Additions CD image, bure, kwenye kila mashine pepe. Ni kweli kinahitajika ili folda ya pamoja na ukubwa wa kioo vifanye kazi, na kazi ya kukiweka nakubali mtu alipwe. Lakini kukiandika kama bidhaa aliyoniuzia, hapana.

Nyota mbili. Moja ni ya binti, na fundi asijihesabie. Atakayekwenda pale aulize kwanza kama binti yupo. Kama hayupo, apite sokoni kununua samaki wake arudi nyumbani.