Magauni 5 au vipande 6?

Kwa nguo za kazini na bajeti ya mtumba wa soko la Karume, wengi hukimbilia magauni 5, moja kwa kila siku ya kazi. Asubuhi huwazi, ila wiki ya pili ofisi nzima imeshayakariri. Mimi nachukua vipande 6: suruali nyeusi, sketi ya bluu iliyokoza, blauzi 3 na koti la kijivu. Vya chini 2 mara vya juu 3 ni mitindo 6. Ukivaa koti au ukiliacha, 12. Sharti kila blauzi ikubali suruali na sketi. Yangu ya maua ya kahawia iligoma kwenye sketi, mitindo 2 ikaenda. Na koti likague mabegani: kiuno fundi atabana haraka, lakini mabega lazima afumue mikono yote.